Barua kwa msimamizi: namna ya kukiri kwamba asilimia 97.8 ilitokana na data kuvuja

Mihogo minne iliyo nyuma ya nyumba ya jirani yangu kule Kibamba ndiyo iliyoniumbua. Ilikuwa Jumapili, zikiwa zimebaki wiki tano tuwasilishe miradi ya mwaka wa mwisho, nami nilitaka kumwonyesha mzee wa watu jinsi simu yangu inavyotambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia jani. Nikapiga picha 11. Modeli ikasema 8 kati ya hizo ni batobato, tena kwa uhakika wa 0.99. Mzee akacheka. Mihogo yenyewe ilikuwa mizima, na mkewe huchuma kisamvu hapo kila wiki.

Ripoti yangu ilikuwa inasema usahihi ni asilimia 97.8. Msimamizi alishaisoma na kuipitisha.

Niliandika barua tatu kabla ya kupata moja inayofaa kutumwa. Ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za kuomba radhi, bila namba mpya hata moja. Ya pili ilieleza kosa kwa ufundi mwingi hadi mtu angeweza kuisoma yote asijue kama nimekiri kitu au nimejisifu. Ninayoeleza hapa ni kazi niliyoifanya kabla ya kuandika ile ya tatu, kisha barua yenyewe. Kama idara yenu inataka kila kitu kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza. Mpangilio ni uleule.

Kwanza jua ilivuja wapi

Mtu akisikia data zimevuja hudhani siri imetoka nje. Hapa maana yake ni kinyume: kitu cha kwenye fungu la kujaribia kimeingia kwenye fungu la kufunzia, kwa hiyo modeli inapojaribiwa inaulizwa maswali ambayo ilishaonyeshwa majibu yake. Ukimwandikia msimamizi "nadhani data zilivuja", swali lake la kwanza litakuwa "zilivuja wapi?" Usiandike kabla hujaweza kulijibu kwa sentensi mbili.

Kwangu ilikuwa hivi. Nilipiga picha mimea 186 ya muhogo katika mashamba matatu, mawili Kibaha na moja Mkuranga, picha 7 kwa kila mmea. Jumla picha 1,302, katika makundi matatu: batobato, michirizi kahawia na mimea mizima. Picha zilikuwa chache, kwa hiyo nikazizidisha: kila picha ikapata nakala nne, moja imegeuzwa kushoto kulia, moja imezungushwa kidogo, moja imeongezwa mwanga, moja imekatwa pembeni. Zikawa 6,510. Baada ya hapo ndipo nikaita `train_test_split` itenge asilimia 20 za kujaribia.

Kosa liko kwenye mfuatano huo. Chukua picha yoyote iliyoangukia upande wa kujaribia. Ina ndugu wanne waliotoka kwenye picha ileile moja, na kila ndugu ana nafasi ya asilimia 80 ya kuwa upande wa kufunzia. Ili picha hiyo iwe ngeni kweli kwa modeli, ndugu wote wanne lazima nao wawe upande wa kujaribia: 0.2 × 0.2 × 0.2 × 0.2, yaani 0.0016. Kati ya picha 1,302 za kujaribia, zilizotarajiwa kuwa ngeni ni kama mbili hivi. Nilipoipiga hesabu hiyo nilikaa kimya kwa muda.

Wengi wakishaona hivyo wanarekebisha mfuatano: wanagawa kwanza, wanazidisha baadaye, tena upande wa kufunzia tu. Nami nilifanya hivyo, usahihi ukashuka hadi 94.3, nikapumua. Lakini hapo tundu dogo ndilo lililozibwa, kubwa lilikuwa bado. Picha 7 za mmea mmoja zimepigwa ndani ya dakika moja, kwa jua lilelile, udongo uleule, na mkono uleule umeshika jani. Kwenye mmea nilioupa jina `s2_m047`, kidole gumba changu kina plasta katika picha zote 7, kwa sababu panga lilikuwa limenichubua asubuhi hiyo. Picha 5 za mmea huo zikienda kufunzia na 2 kujaribia, modeli haihitaji kujua batobato ni nini. Plasta inatosha.

Kinachopaswa kugawanywa, basi, ni mimea, picha zikafuata mmea wake. Nilipogawa kwa mmea usahihi ukawa 80.6.

Kwenye mradi wako "mmea" unaweza kuwa kitu kingine. Kwa sauti ni msemaji. Kwa habari za magazeti ni habari moja iliyonakiliwa na tovuti nne. Kwa picha za hospitali ni mgonjwa: mkusanyiko wa eksirei za kifua uitwao ChestX-ray14 una picha 112,120 za wagonjwa 30,805, na makala ya mwaka 2017 kuhusu CheXNet, modeli iliyofunzwa kwa picha hizo, katika toleo lake la kwanza iligawa picha bila kutenganisha wagonjwa, toleo lililofuata likaeleza kwamba hakuna mgonjwa anayetokea pande zote mbili. Nakutajia hilo ujue kosa lenyewe ni la kawaida, hata kwa watu wenye kompyuta kubwa kuliko ya kwako. Usiliweke kwenye barua, litasomeka kama kujitetea.

Rudia majaribio, na uamue kanuni kabla hujaona namba

Kwa data za ukubwa huu kazi ni ya usiku mmoja. Mimi natumia MobileNetV2 iliyokwisha kufunzwa, kwenye Colab ya bure, na mizunguko mitano ya kufunza na kujaribu iliisha kabla ya adhana ya alfajiri.

Jina la faili ndilo lililoniokoa. Nilikuwa nimeziita picha kwa mtindo wa `s2_m047_p3.jpg`: shamba, mmea, picha. Kama zako zinaitwa `IMG_2231.jpg`, angalia saa ya kupigwa iliyohifadhiwa ndani ya picha, uweke pamoja zilizopigwa kwa kufuatana. Ila picha zilizopitia wasapu zimeshapoteza taarifa hiyo, hivyo tafuta zile za asili kwenye simu iliyozipiga. Jedwali `df` hapa chini lina picha 1,302 za asili tu, bila nakala hata moja.

```python
from sklearn.model_selection import StratifiedGroupKFold

mmea = df["faili"].str.extract(r"(s\d_m\d+)")[0]
kf = StratifiedGroupKFold(n_splits=5, shuffle=True, random_state=7)

for funzo, jaribio in kf.split(df, df["aina"], groups=mmea):
    print(set(mmea.iloc[funzo]) & set(mmea.iloc[jaribio]))
```

Mstari wa mwisho unauliza kama kuna mmea ulio pande zote mbili. Lazima uchapishe `set()` mara tano. Ukiona jina lolote ndani ya mabano, simama. Kuzidisha picha kunafanyika ndani ya kila mzunguko, kwa zile za `funzo` peke yake.

Kwa nini mizunguko mitano na si mgawo mmoja? Kwa sababu fungu moja la kujaribia lina mimea kama 37, na mmea mmoja ukihama upande, namba inacheza kwa karibu asilimia 2.7. Mizunguko yangu ilitoa kati ya 76 na 84. Kama ningegawa mara moja tu na bahati ikanipa 84, ningeandika 84, na ungekuwa uongo mwingine uliopungua makali. Katika mizunguko mitano kila mmea unajaribiwa mara moja, na unajumlisha zote.

Hapa ndipo kishawishi kilipo. Saa nane usiku, umeona 80.6, mkono unakwenda wenyewe kubadilisha `random_state` kutoka 7 kuwa 8 "uone tu". Andika kanuni zako kwenye karatasi kabla ya kuanza: mbegu ipi, yaani hiyo namba ya `random_state`, mizunguko mingapi, modeli ifunzwe duru ngapi, yaani ipitie picha zote za kufunzia mara ngapi. Mimi nilifunga duru 12, kwa sababu zamani nilikuwa nachagua duru bora kwa kutazama fungu la kujaribia, na huko nako ni kuvujisha, ingawa kwa matone. Ukishaandika, namba ya kwanza inayotoka ndiyo unayoipeleka.

Kisha tenganisha matokeo kwa kila kundi, maana wastani unaficha mambo. Haya ndiyo yangu: batobato picha 502 sahihi kati ya 546, mizima 378 kati ya 434, michirizi kahawia 169 kati ya 322. Yaani kwa michirizi modeli inapata asilimia 52.5, na kati ya picha 153 ilizokosea, 131 imeziita mizima.

Hilo ndilo jambo zito kuliko zote, na kwenye ripoti ya zamani halikuonekana kabisa. Batobato mkulima anaiona mwenyewe, majani machanga yamejikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ni mjanja. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, njano hafifu kandokando ya mishipa, mmea unasimama vizuri, halafu unang'oa unakuta muhogo umeoza kwa ndani, kahawia na mkavu. Ni ugonjwa wa pwani yetu kabisa. Ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1936, kituo cha Amani, Usambara. Kifaa kinachomwambia mkulima wa Mkuranga kwamba mmea wenye michirizi ni mzima kinamfanya akate mbegu hapohapo akapande shamba jingine.

Fuata namba ilikokwenda

Kabla ya kuandika, orodhesha kila mahali namba ya zamani ilipofika. Msimamizi anaweza kusamehe kosa la mgawo, lakini hatapenda kugundua mwezi ujao kwamba 97.8 bado iko kwenye bango lenye jina lake.

Kwa faili za maandishi ya kawaida:

```
grep -rnE "97[.,]8|98%|asilimia 98" ripoti/
```

Faili za Word amri hiyo haizisomi, zifungue utafute kwa mkono. Tafuta na maneno, si tarakimu tu, kwani mimi nilikuwa nimeandika "karibu bila kukosea" mahali pawili. Baada ya faili, kumbuka watu. Namba yangu ilikuwa kwenye ikisiri, sura ya nne na ya tano, slaidi, rasimu ya bango la maonyesho ya idara, na wasifu wangu. Nilikuwa pia nimemtumia afisa ugani wa Mkuranga aliyenipeleka mashambani, kwa ujumbe wa sauti, tena kwa majivuno. Na mwenzangu mmoja alikuwa ameinakili kwenye utangulizi wa mradi wake. Huyo wa mwisho nilimkumbuka nikiwa kwenye daladala ya Mbagala Rangi Tatu, siku mbili baada ya kutuma barua; ikabidi niandike nyongeza, na nyongeza ya aina hiyo inatia aibu kuliko barua.

Barua

Ilikwenda kwa barua pepe Jumatano asubuhi. Nimeondoa majina na namba ya usajili.

> YAH: KUSAHIHISHA USAHIHI WA MODELI YA MAGONJWA YA MUHOGO: SI 97.8%, NI 80.6%
>
> Daktari, shikamoo.
>
> Naandika kukujulisha kwamba usahihi wa asilimia 97.8 ulio kwenye ripoti yangu uliyoipitisha si sahihi. Nimerudia majaribio kwa mgawo unaofaa na nimepata asilimia 80.6. Tofauti hiyo imetokana na data kuvuja kutoka fungu la kujaribia kwenda fungu la kufunzia, na kosa ni langu.
>
> Yalivuja mambo mawili. La kwanza, nilizidisha picha kabla ya kugawa, hivyo nakala za picha moja zilikuwa pande zote mbili. Nilipozuia hilo peke yake, usahihi ulishuka hadi 94.3. La pili, nilikuwa nagawa picha badala ya mimea, hivyo picha za mmea mmoja zilikuwa pande zote mbili. Nilipogawa kwa mmea, kwa mizunguko mitano, nilipata 80.6 kwa jumla. Mzunguko wa chini ulikuwa 76 na wa juu 84. Mbegu na idadi ya duru nilizipanga kabla, na nimefanya mara moja tu.
>
> Kwa kila kundi: batobato 502/546, mizima 378/434, michirizi kahawia 169/322. Kati ya picha 153 za michirizi zilizokosewa, 131 zimeitwa mizima. Kwa hiyo kauli ya sura ya tano kwamba kifaa kiko tayari kutumiwa na wakulima haiwezi kubaki.
>
> Nilianza kuwa na shaka Jumapili, modeli iliposema mihogo mizima ya jirani ina batobato. Kosa nimelithibitisha Jumatatu usiku. Wakati naandika ripoti sikulijua, ingawa niliona usahihi wa kujaribia ukizidi wa kufunzia katika duru kadhaa na sikuuliza kwa nini. Nilipaswa kuuliza.
>
> Kuna jambo moja ambalo hata namba mpya haitatui. Kati ya mimea 46 yenye michirizi, 39 imetoka shamba la Mkuranga, ambako mchanga ni mweupe. Inawezekana modeli inasoma mchanga badala ya jani. Siwezi kulipima kwa haki kwa data nilizo nazo, kwa sababu nikiliweka pembeni shamba hilo inabaki mimea 7 tu ya michirizi ya kufunzia.
>
> Namba ya zamani iko kwenye ikisiri, sura ya nne na ya tano, slaidi ya 9 na ya 14, rasimu ya bango, na wasifu wangu. Pia nilimweleza afisa ugani wa Mkuranga kwa simu. Bango nimelizuia lisichapwe. Sijui kama wewe umeitumia mahali pengine. Kama umeitumia, naomba unijulishe ili niandae maelezo ya kusahihisha.
>
> Naomba mambo mawili. Mosi, ruhusa ya kubadilisha sura ya nne na ya tano kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Rasimu naweza kuileta Jumatatu. Pili, uamuzi wako kama nieleze kosa hili ndani ya ripoti, au niweke matokeo mapya peke yake. Mimi napendelea kulieleza.
>
> Nimeambatisha daftari la zamani la Colab bila kulibadilisha, daftari jipya, na orodha ya mimea katika kila mzunguko.
>
> Naomba radhi kwa usumbufu huu.
>
> Mwanafunzi wako

Kuhusu baadhi ya mistari hiyo

Namba zote mbili ziko kwenye kichwa cha barua. Tumezoeshwa kuandika "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" kisha kuzunguka aya mbili kabla ya kufika. Kwa barua hii usizunguke. Msimamizi ana wanafunzi kumi na kitu na anasoma barua pepe akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Akisoma kichwa peke yake, awe ameshajua.

"Kosa ni langu" halafu basi. Rasimu yangu ya pili ilisema "kulitokea changamoto katika mgawanyo wa data". Hakuna kilichotokea chenyewe, ni mimi niliyeandika mstari ule. Neno "changamoto" lifute kila utakapolikuta. Hata "hitilafu ndogo" lifute: kutoka 97.8 hadi 80.6 maana yake makosa yameruka kutoka picha 2 katika kila 100 hadi 19.

Aya ya nilijua lini ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko nyingine. Ni rahisi kuandika "sikujua" na kuishia hapo, lakini msimamizi atafungua daftari la zamani na ataona zile duru ambazo usahihi wa kujaribia ulizidi wa kufunzia. Hilo lenyewe si uthibitisho wa kuvuja, kwa kuwa picha za kufunzia zikivurugwa sana zinaweza kuwa ngumu kuliko za kujaribia. Kwangu, hata hivyo, picha za pande zote mbili zilikuwa zimevurugwa sawasawa, na maelezo hayo hayakunifaa. Kama uliona dalili ukanyamaza, ni wewe unayepaswa kulisema kwanza. Na kama ulijua kabisa na ukaandika hivyohivyo, barua hii haikufai. Hilo ni suala la udanganyifu, nenda ofisini ukalieleze uso kwa uso.

Msamaha nimeuweka mwisho, mstari mmoja. Ukianza nao, anayesoma analazimika kukufariji kabla hajajua umefanya nini.

Kuhusu kumwuliza kama ametumia namba hiyo, rafiki yangu aliniambia ni utovu wa adabu, mwanafunzi hamhoji mwalimu. Mimi sikuona hivyo. Wasimamizi hupeleka matokeo ya wanafunzi kwenye maandiko ya kuomba fedha na kwenye mihadhara, na akiachwa gizani ni yeye atakayeaibika mbele za watu. Chunga lugha tu: "naomba unijulishe", usiseme "je, umeitumia wapi?"

Kuituma, na siku ya kuitwa

Kama kuna kitu kinatoka kesho chenye namba hiyo, bango linachapwa au makala inatumwa, usisubiri barua. Piga simu: "Shikamoo Dokta, samahani kwa kukusumbua. Naomba lile bango lisiende leo, usahihi nilioandika una kosa, nitakuletea maelezo kesho asubuhi." Inatosha. Usieleze uvujaji kwa simu. Wala usipeleke barua hii kwa wasapu saa tano usiku.

Daftari la zamani usilifute wala kulirekebisha juu kwa juu. Liite jina lenye tarehe, liache lilivyo. Nimemwona mtu aliyesahihisha mstari mmoja ndani ya faili ya zamani, na alipoitwa na jopo hakuweza tena kuonyesha 97.8 yake ilitoka wapi. Wakadhani ameitunga.

Msimamizi wangu alijibu kwa mstari mmoja: "Njoo Ijumaa saa nne, njoo na laptopu." Nilikwenda nimejiandaa kwa maswali ya maadili. Aliniuliza mambo mengine kabisa. Mimea 186, nani aliamua huu una michirizi na ule ni mzima? Nikasema afisa ugani, kwa macho. Je, ile 131 iliyoitwa mizima, una uhakika haikuwa mizima kweli? Nikasema sina, maana hatukung'oa mmea hata mmoja kuangalia mizizi, wala hakuna aliyepima virusi maabara. Akaandika hilo pembeni ya sura ya tatu. Kisha akaniambia nifungue daftari jipya, nikaendesha ule mstari wa mwisho mbele yake, na tukakaa tunatazama skrini hadi `set()` ya tano ilipotokea.